Mashine Ikichakaa Kabla ya Miaka Tuliyoipangia

Somo la leo ni la hesabu, nalo halisikiki vizuri kwa masikio peke yake. Chukueni karatasi na kalamu. Walimu wa vituo, tafadhali andikeni ubaoni kila tarakimu nitakayoitaja, wala msiifute mpaka mwisho wa somo, maana tutairudia.

Katika somo lililopita tulijifunza uchakavu. Tulisema kwamba mashine ikinunuliwa kwa fedha nyingi, gharama yake haiandikwi yote katika mwaka mmoja, bali hugawanywa katika miaka ambayo mashine hiyo itatutumikia. Ili kugawanya hivyo yatupasa kujua mambo matatu: mashine imegharimu kiasi gani mpaka kuanza kazi, tutaiuza kama chuma chakavu kwa kiasi gani siku tutakapoiacha, na itafanya kazi miaka mingapi. Jambo la kwanza limo katika stakabadhi. Mawili yanayofuata hayamo katika karatasi yo yote. Ni makadirio, yaani twayakisia kwa akili na kwa uzoefu.

Baada ya somo lile, mama mmoja wa darasa la hapa Malinyi aliinua mkono akaniuliza: “Bwana Afisa, na tukikisia vibaya je? Tumesema miaka 10, na mwaka wa 4 tunaiona mashine imechoka. Tufute yote tuanze upya?” Swali hilo ndilo somo la leo.

Nitatumia mfano wa kinu cha kukoboa mpunga, kwa kuwa katika bonde hili la Kilombero hakuna asiyekifahamu. Kikundi nitakachokitaja ni cha mfano, na fedha zake ni za mfano, zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Lakini mambo yanayokipata kinu hicho ni yale yale mnayoyaona kila msimu.

Basi, tuseme wakulima 30 wameungana. Mwezi wa Januari mwaka 2021 wakanunua mashine ya kukoboa ya roli mbili za mpira pamoja na injini yake ya dizeli. Dukani Dar es Salaam walilipa shilingi 17,500,000. Lori la kuileta Malinyi lilitoza 900,000. Zege la kuisimikia na fundi wa kuifunga vikala 600,000. Nauli na ufungaji vinahesabiwa ndani ya gharama ya mashine, kwa sababu mashine iliyo bado dukani haikoboi mpunga wa mtu. Jumla ni shilingi 19,000,000.

Wakakisia kwamba siku ya kuiacha, mnunuzi wa vyuma chakavu atawapa 1,000,000. Fedha hiyo twaiita thamani ya masalio. Kwa hiyo kitakacholiwa na kazi si 19,000,000 zote, bali ni 18,000,000. Wakakisia tena kwamba mashine itafanya kazi miaka 10. Milioni 18 kwa miaka 10 ni 1,800,000 kila mwaka. Mwandishi wa hesabu akaandika 1,800,000 mwaka 2021, na 2022, na 2023, na 2024. Miaka minne ikawa 7,200,000. Toeni hizo katika 19,000,000, mtabaki na 11,800,000. Hii ndiyo thamani ya mashine katika daftari mwisho wa mwaka 2024. Tafadhali pigeni mstari chini ya tarakimu hiyo, 11,800,000, maana mambo yote ya leo yanaanzia hapo.

Sasa twende kwenye mashine yenyewe, kwa maana hesabu inayofanywa bila kutazama mashine ni kubahatisha tu.

Kikundi kilipokisia miaka 10 hakikuota ndotoni. Kilisema hivi: mashine itafanya kazi saa 600 kwa mwaka, zaidi wakati wa mavuno na baada yake, na kidogo katika miezi ya masika. Saa 600 kwa miaka 10 ni saa 6,000. Fundi akakubali kwamba kwa mashine ya namna ile, saa 6,000 ni kadiri ya haki. Lakini tangu daraja la Mto Kilombero lizinduliwe mwaka 2018, malori ya wanunuzi hayasubiri tena kivuko, na mwenye mpunga aweza kupata mnunuzi wa mchele papo hapo. Kinu cha kikundi chetu kikapata kazi kuliko ilivyotazamiwa. Mwendesha mashine alikuwa mtu mwangalifu, aliandika katika daftari saa za kuwasha na saa za kuzima. Walipojumlisha miaka minne walipata saa 3,400, badala ya 2,400.

Na si wingi wa saa tu. Mpunga mwingi hupigwa chini na kuanikwa chini. Mchanga unaingia. Mchanga ukipita katikati ya roli hula mpira, na mpira si hasara kubwa, kwa kuwa roli ni kitu cha kubadilishwa kila mara kama vile nyembe za kinyozi. Hasara ni pale mchanga unapoingia kwenye beringi na kukwaruza chuma cha ndani ambacho hakibadilishwi kwa urahisi. Mtajuaje? Shikeni ekseli mashine ikiwa imezimwa, mwitikise: ikicheza, beringi au nyumba yake imeliwa. Wekeni mkono karibu na beringi baada ya saa moja ya kazi, msiiguse: ikiwa inafuka joto, kuna tatizo. Tazameni mchele unaotoka: ikiwa roli ni mpya na zimerekebishwa vema, mpunga nao umekauka kama ipasavyo, na hata hivyo mchele unazidi kukatika, basi ubovu hauko katika mpira tena bali katika mwili wa mashine. Na kwa upande wa injini, ikianza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu, imechakaa ndani.

Mwezi wa Januari mwaka 2025 kamati ilimwita fundi asiye na maslahi katika jambo hilo. Akaitazama mashine, akasoma daftari la saa. Alisema kwamba saa 6,000 bado ni kisio jema, lakini 3,400 zimekwisha kuliwa, na zimebaki 2,600. Kwa mwendo wa sasa wa saa 850 hivi kila mwaka, mashine ina miaka 3 mbele yake: 2025, 2026 na 2027. Bei ya chuma chakavu kamati iliiuliza pia, wakaona 1,000,000 inafaa kubaki vile vile. Hilo nalo halina budi kuulizwa kila mara, kwa sababu thamani ya masalio ni kisio kama miaka ilivyo kisio.

Kwa hiyo mashine iliyodhaniwa kuishi miaka 10 sasa yaonekana itaishi 7. Tufanyeje?

Kanuni ni hii, nami nitaisema polepole. Yaliyokwisha kuandikwa tunayaacha. Tunachukua thamani iliyobaki katika daftari, tunatoa masalio, na kinachobaki tunakigawa kwa miaka iliyobaki kama tunavyoiona leo.

Ubaoni, Mwalimu. Thamani katika daftari ni 11,800,000. Toa masalio 1,000,000. Inabaki 10,800,000. Gawa kwa miaka 3. Jibu ni 3,600,000.

Basi kuanzia mwaka 2025 uchakavu hauwi tena 1,800,000 bali 3,600,000, yaani mara mbili kamili. Mwandishi wa hesabu ataandika katika upande wa kushoto, Gharama ya Uchakavu 3,600,000, na katika upande wa kulia, Uchakavu Uliolimbikizwa 3,600,000, kama alivyozoea. Hakuna akaunti mpya. Kilichogeuka ni tarakimu tu.

Hebu tujipime kama hesabu yetu ni sawa. Miaka minne ya kwanza ilichukua 7,200,000. Miaka mitatu ya mwisho itachukua 3,600,000 mara tatu, yaani 10,800,000. Jumlisheni: ni 18,000,000, ndizo zile zile tulizosema zitaliwa na kazi. Mwisho wa mwaka 2027 daftari litaonyesha 1,000,000, na mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja na 1,000,000. Kipimo hicho ni kizuri sana. Kila mtakapogeuza miaka ya mashine, jumlisheni uchakavu wa zamani na wa mbele. Isipolingana na gharama iliyopunguzwa masalio, mmekosea mahali.

Nawaambia hivyo kwa sababu kuna kosa moja ambalo nimeliona katika madaftari mengi, na mtu mwenye akili hulifanya. Mwandishi husema: “Miaka imekuwa 7, basi nagawa 18,000,000 kwa 7.” Anapata 2,570,000 na ushei, na anaanza kuandika hiyo kuanzia mwaka 2025. Yaonekana ni haki. Lakini tazameni: miaka mitatu ya 2,570,000 ni 7,710,000 hivi. Ukijumlisha na 7,200,000 za zamani unapata 14,910,000, wala si 18,000,000. Zimepungua zaidi ya milioni tatu. Mwisho wa mwaka 2027 daftari litasema mashine ina thamani ya zaidi ya milioni nne, na mashine yenyewe ni chuma chakavu cha milioni moja. Milioni tatu hizo zitaangukia mwaka wa mwisho zote kwa pamoja, na wanachama watauliza nani amezila.

Sababu ya kosa hilo ni kwamba mwandishi ametumia kiwango cha mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba ni miaka 7. Sisi hatukujua. Miaka minne tuliandika kidogo. Kwa hiyo miaka mitatu iliyobaki lazima ibebe zaidi.

Bwana mmoja wa darasa lile lile aliposikia hayo hakuridhika. Alisema: “Lakini si haki. Tuliopata gawio mwaka 2022 tulipata zaidi, na wa mwaka 2025 watapata pungufu. Kwa nini tusirudi nyuma tukasahihishe?” Ni hoja nzito, nami siipuuzi. Jibu langu ni hili. Mwaka 2022 hakuna aliyedanganya wala aliyekosea. Kisio la miaka 10 lilikuwa la haki kwa yale yaliyojulikana siku ile. Saa 3,400 zilikuwa bado hazijatokea. Ukienda leo kubadili hesabu za mwaka 2022 kwa habari ya mwaka 2025, unaifanya karatasi ya 2022 iseme jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulijua. Na mwaka ujao utajua jambo jingine, utairudia tena. Hesabu za namna hiyo hazimaliziki, na hakuna mwanachama atakayeamini karatasi aliyopewa.

Kwa hiyo kisio linapogeuka, linatazama mbele. Hivyo ndivyo viwango vya kimataifa vya hesabu vinavyoagiza, navyo ndivyo vinavyofuatwa Tanzania tangu mwaka 2004 kwa uamuzi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Kwa makampuni yanayofuata viwango kamili, kuna amri ya kutazama upya miaka ya mashine na masalio yake angalau kila mwisho wa mwaka. Kwa vyombo vidogo vinavyofuata viwango vyao vyepesi, hutazamwa kila panapotokea dalili kwamba mambo yamegeuka. Saa 3,400 mahali pa 2,400 ni dalili ya kutosha kabisa.

Lakini lazima nitenge jambo moja, msije mkalichanganya. Kisio lililogeuka si sawa na kosa. Tuseme tangu mwaka 2021 muuzaji alikuwa amewapa karatasi iliyoandikwa wazi kwamba mashine hii ni ya miaka 7, na mwandishi hakuisoma. Au tuseme alikosea kugawanya tu. Au alisahau kuandika nauli ya lori. Hayo ni makosa, kwa kuwa habari ilikuwapo mezani siku ile ile. Kosa likiwa kubwa halisahihishwi mbele tu. Hapo ndipo hesabu za nyuma hurekebishwa, na wanachama wakaambiwa. Jiulizeni swali moja: je, jambo hili lilikuwa linajulikana, au lingeweza kujulikana, siku ile tulipoandika? Kama ndiyo, ni kosa. Kama limetokea baadaye, ni kisio.

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza, yaani gawio. Katika mfano wetu, tuseme mwaka 2025 kikundi kimelipa dizeli, mwendesha mashine, roli na mikanda, na kimebaki na 6,300,000 kabla ya kuandika uchakavu. Kwa uchakavu wa zamani wa 1,800,000 faida ingekuwa 4,500,000, na kwa wanachama 30 ni 150,000 kwa kila mmoja, kama hakuna akiba iliyotengwa. Kwa uchakavu mpya wa 3,600,000 faida ni 2,700,000, na kila mmoja ni 90,000. Shilingi 60,000 zimeondoka mfukoni mwa kila mtu, na kinu hakijavunjika, na kazi haikupungua. Hapo kamati itasikia maneno.

Naona watu wawili watasimama mkutanoni. Wa kwanza atasema: “Acheni miaka 10 yetu, mashine si inanguruma?” Ni kweli inanguruma. Lakini ikiwa mashine itakwisha mwaka 2027 na ninyi mwagawana kana kwamba itakwisha 2030, basi mnagawana mashine yenyewe vipande vipande na kuviita faida. Mwisho wa mwaka 2027 daftari litakuwa na thamani ya 6,400,000, kinu kitakuwa na thamani ya 1,000,000, na hasara ya 5,400,000 itatua mkutanoni siku moja.

Mtu wa pili ni wa hatari zaidi, naye atasema kwa sauti ya upole: “Kwa nini tusiseme miaka 15? Uchakavu utapungua na gawio litaongezeka.” Huyu hakosei hesabu, yuaijua vizuri mno. Kuongeza miaka ya mashine bila ushahidi ni njia nyepesi kuliko zote ya kutengeneza faida ya karatasi, na haikuanzia katika bonde hili. Huko Marekani kampuni kubwa ya kuzoa taka iitwayo Waste Management iliongeza miaka ya malori yake na kuyapa masalio makubwa yasiyo na msingi, ili uchakavu upungue. Mwaka 1998 ililazimika kuandika upya hesabu zake za mwaka 1992 mpaka 1997, na faida ya dola bilioni 1.7 ikafutwa. Mwaka 2002 mamlaka ya serikali yao inayosimamia masoko ya hisa iliwashtaki waliokuwa viongozi wake. Angalieni kwamba pale hesabu za nyuma ziliandikwa upya, kwa kuwa yale hayakuwa makisio yaliyogeuka. Yalikuwa tarakimu zilizotengenezwa.

Si kwamba miaka haiwezi kuongezeka kwa haki. Yaweza, na kanuni ni ile ile. Tuseme mwaka 2025 kikundi chetu kimeweka chekeche la kuondoa mchanga kabla mpunga haujaingia, kimewataka wateja waanike juu ya turubai, na kinu kingine kimefunguliwa jirani hata saa za kazi zikapungua. Januari 2026 fundi anaitazama tena na kusema kwa haki kwamba yamebaki miaka 4, si 2. Thamani katika daftari mwisho wa 2025 ni 11,800,000 kutoa 3,600,000, yaani 8,200,000. Toa masalio, inabaki 7,200,000. Gawa kwa 4, ni 1,800,000. Tumerudi pale pale tulipoanza! Hiyo ni bahati ya tarakimu zangu tu, wala si kanuni. Lakini mimi binafsi ningekuwa mkaguzi, nikaona miaka imepunguzwa Januari moja na kuongezwa Januari ya pili, ningeomba kuliona hilo chekeche kwa macho, na daftari la saa pia. Gharama ya chekeche lenyewe, likiwa kubwa, ni mali na lina uchakavu wake.

Na hapo nikumbushe juu ya matengenezo. Kubadilisha roli za mpira, mikanda na chujio hakuongezi miaka ya mashine. Kunaifanya tu iifikie miaka yake. Hiyo ni gharama ya mwaka ule ule. Lakini mkiing'oa injini nzima ya dizeli na kuweka mota ya umeme, hilo ni jambo jingine. Thamani ya injini ya zamani iliyobaki katika daftari hutolewa, bei ya mota huingizwa, na miaka hukisiwa upya. Mwenye kuandika mambo hayo yote mahali pamoja chini ya neno “matengenezo” hawezi kujua mashine yake inagharimu nini.

Katika taarifa ya mwaka kwa wanachama, msifiche badiliko hili kati ya tarakimu nyingine. Andikeni maneno machache, kama haya: “Mwezi wa Januari 2025 kamati, kwa ushauri wa fundi na kwa daftari la saa za kazi, imepunguza miaka ya mashine ya kukoboa kutoka 10 hadi 7. Kwa sababu hiyo uchakavu wa mwaka huu umeongezeka kwa shilingi 1,800,000, na utaongezeka vivyo hivyo mwaka 2026 na 2027.” Mtu asiyejua hesabu atayaelewa. Ripoti ya fundi na daftari la saa vifungwe pamoja na kuwekwa kabatini. Kwa vyama vya ushirika vinavyokaguliwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, hizo ndizo karatasi ambazo mkaguzi ataziuliza.

Watu wa kodi je? Hao wana kiwango chao cha uchakavu kilichowekwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kwa madaraja ya mali. Kamati yenu ikiamua miaka 7 au 12, kiwango cha kodi hakisogei. Kwa hiyo msiogope kwamba badiliko hili litaleta ugomvi wa kodi, wala msitumaini kwamba litaipunguza.

Jambo la mwisho linawapotosha hata wenye shahada. Uchakavu wa 3,600,000 si fedha iliyowekwa sandukuni. Ni maandishi tu. Yanazuia 3,600,000 zisiitwe faida na zisigawanywe, lakini zaweza kununua dizeli, zaweza kukopeshwa, zaweza kupotea kwa njia nyingine. Kikundi kinachotaka kinu kipya mwaka 2028 kinatenga fedha yenyewe benki, kwa akaunti yake, kadiri ya uchakavu ule au zaidi, maana bei ya mashine mpya haitakuwa ile ya mwaka 2021. Nimeona kikundi kimoja chenye uchakavu ulioandikwa kwa hati nzuri kwa miaka yote, na siku mashine ilipokufa akaunti ilikuwa na fedha ya kununua mikanda tu.

Haya, zoezi la nyumbani. Kikundi kimenunua trekta dogo la mkono, mnaloliita pawatila, kwa 9,000,000 pamoja na nauli. Masalio ni 600,000, miaka ni 6. Baada ya miaka 2 kamili inaonekana kwamba limetunzwa vizuri na lina miaka 5 mbele yake, si 4. Tafuteni uchakavu wa kila mwaka kwanzia mwaka wa 3. Kwanza tafuteni uchakavu wa miaka miwili iliyopita, kisha thamani katika daftari, kisha toeni masalio, ndipo mgawanye. Mkipata 1,120,000 mmeweza; mkipata 1,200,000 mmegawa bei ya mwanzo iliyopunguzwa masalio kwa miaka 7, rudini mkaanzie kwenye thamani iliyo katika daftari.